LIEMBA kwa patasi au LIEMBA kwa mashine: kuchagua herufi za jina la gemu

Vijana wawili wanaotengeneza gemu walinijia hapa Mwanga, Kigoma, wakiwa na jina tayari na ubishi tayari. Jina ni LIEMBA. Ubishi ni wa herufi. Mchezaji anazamia Ziwa Tanganyika kuitafuta meli iliyolala chini, hapo wanakubaliana. Ila mmoja anataka mzamiaji ashuke kwa pumzi yake na hirizi shingoni, azungumze na mizimu ya ziwa. Mwenzake anataka ashuke mwaka 2190 ndani ya chombo cha chuma chenye taa na mikono ya kushikia. "Kaka, wewe tuandikie zote mbili, tutachagua inayovutia," wakaniambia.

Nikawaambia nitaandika zote mbili, lakini kuvutia kusiwe kipimo cha kwanza. Kabla ya kompyuta nilikuwa naandika majina ya maboti pale Kibirizi kwa brashi na rangi ya mafuta, na ubao ulinifundisha kwamba herufi haifichi chombo kilichoichora. Ya brashi inanenepa pale mkono ulipokandamiza. Ya stensili inakatika pale bati lilipohitaji kushikana. Mtu asiyejua lolote kuhusu fonti bado anaviona hivi, na ndiyo maana herufi za fantasia na za sayansi ya kubuni zinatambulika hata kabla jina halijasomwa. Za fantasia zinadai kwamba zilitoka kwenye mkono wa mtu. Za sayansi ya kubuni zinadai zilitoka kwenye mashine. Tofauti nyingine nyingi zinazaliwa hapo.

Kwa msomaji wa mbali, Liemba ni meli ya kweli. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma na kuunganishwa upya kwa ribiti. Iliingia majini mwaka 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina hili jipya, ambalo ni jina la zamani la ziwa. Kwa hiyo neno lenyewe limebeba mambo mawili, ziwa la kale na chuma cha kiwandani. Vijana hawakuwa wakibishana bure.

Upande wa fantasia

Fonti ambayo wengi huikimbilia kwa jina la kale ni Trajan, iliyochorwa na Carol Twombly na kutolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1989. Aliitoa kwenye maandishi yaliyochongwa chini ya mnara wa mfalme Trajano huko Roma, uliozinduliwa mwaka 113. Anayetaka ya bure ya ukoo huohuo atapata Cinzel ya Natanael Gama. Zote mbili zina mistari minene na myembamba ndani ya herufi moja, na vijiguu vidogo kwenye ncha, alama ya brashi iliyotangulia na tindo iliyofuata kwenye jiwe.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni upana. Katika herufi hizi za Kirumi, kila herufi ina upana wake. E, L na B ni nyembamba, karibu nusu ya mraba. M ni pana sana. A iko katikati. Ukiandika LIEMBA kwa mtindo huo unapata neno lenye mapigo: jembamba, jembamba, jembamba, kisha M inafunguka kama lango, kisha B na A zinafunga. Hilo linampa msomaji hisia ya kitu cha zamani kuliko nyufa zozote utakazochora juu ya herufi. Nimeona nembo nyingi za vijana ambazo zina moshi, damu na mawe, lakini herufi zote zimevutwa zikawa na upana mmoja, na jina likageuka bango la duka la vifaa vya ujenzi.

Kuna kitu kingine kinachotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Maandishi ya mnara ule hayana H, K, W, Y wala Z, na U iliandikwa kama V. Twombly alilazimika kuzibuni herufi hizo mwenyewe. Sasa angalia Kiswahili: wa, ya, za, kwa, huyu, haki. Karibu kila neno letu linaegemea herufi ambazo jiwe halikuwa nazo. Amezichora vizuri, lakini jina kama KUZIMU YA WAZEE halitakuwa na uzito uleule wa kuchongwa kama jina lenye A, E, M, R na S. LIEMBA lina bahati: herufi zake zote zimo kwenye jiwe.

Chaguo la pili la fantasia ni herufi za anshali, mwandiko wa mviringo uliotumika kwenye vitabu vya ngozi Ulaya kati ya karne ya 4 na ya 8. Fonti ya bure ni Uncial Antiqua. Mwandiko huu unajulikana kwa herufi chache tu: A, D, E, H, M, Q na U. Nyingine zinakaribiana na za kawaida. LIEMBA linazo tatu, E, M na A, kwa hiyo lingetambulika mara moja. Mimi niliukataa. Mwandiko wa anshali unakuja na ngome, mishumaa na watawa wa Ulaya, na hakuna kiasi cha kuchora mitumbwi pembeni kitakachowaondoa. Mchezaji ataingia akitafuta joka, atakutana na migebuka.

Fantasia si lazima iwe ya Ulaya. Nikajiuliza: kama mzee wa mwambao huu angeandika jina hili miaka mingi iliyopita, angetumia nini? Angetumia ubao wa mtumbwi na patasi. Na patasi ina tabia zake kwenye mbao. Mkato unaopita sambamba na nyuzi za mti hupasua, na mkato wa mviringo husumbua. Watu wa Ulaya ya kaskazini waliochonga herufi za runi walikutana na shida hiyohiyo, na maelezo yanayokubalika sana ni kwamba ndiyo maana runi hazina mistari ya kulala: zimejaa mistari ya kusimama na ya mshazari. Nikachukua sheria hiyo bila kuchukua runi zenyewe. Nikabaki na mifupa na upana wa Kirumi, nikaondoa vijiguu, kila mstari ukawa kama kabari, mnene upande mmoja na mkali upande wa pili. Mistari ya kulala ya L, E na A nikaiinua upande wa kulia kiasi cha nyuzi 10 hivi. Matumbo mawili ya B yakawa pembetatu mbili.

Hapo niliona kitu ambacho hakimo kwenye fonti yoyote niliyofungua, na hiyo ndiyo faida ya kuchora badala ya kuchapa. Fonti inapaswa kufanya kazi kwa maneno yote duniani, kwa hiyo lazima iwe na adabu. Nembo ina neno moja tu. Inaruhusiwa kufanya mambo ambayo yangekuwa makosa kwenye neno lingine.

Upande wa sayansi ya kubuni

Huku mzazi wa wengi ni Eurostile ya Aldo Novarese, iliyotoka mwaka 1962 kwenye kiwanda cha Nebiolo huko Torino, Italia. Ilikuza fonti ya mwaka 1952, Microgramma, ambayo Novarese aliichora pamoja na Alessandro Butti, na ambayo ilikuwa na herufi kubwa peke yake. Umbo lake si duara wala si mraba. Ni mraba uliovimba pande zote, kama kioo cha televisheni za enzi zile, na ndiyo sababu hadi leo inasomeka kama kitu kilicho ndani ya skrini. Kwa wasio na fedha ya leseni kuna Michroma, iliyo karibu nayo sana, na Orbitron, ambayo inaenda mbali zaidi kuelekea vyombo vya angani. Natanael Gama wa Cinzel alichora pia Exo, yenye sura ya kiteknolojia. Ziweke Cinzel na Exo kando kwa kando uandike jina lako. Utaona mtu mmoja akibadilisha chombo mkononi.

Mambo yote ya upande wa fantasia hapa yanageuka. Unene ni mmoja kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho. Upana wa herufi unakaribia kuwa sawa, na herufi zinalala zaidi kuliko kusimama. Vijiguu hakuna. Badala yake kuna mikato: kona inakatwa, mstari unaachwa wazi, kipande kinaondolewa kabisa. Mfano mkubwa ni nembo ya shirika la anga la Marekani, NASA, ya mwaka 1975, iliyochorwa na Richard Danne na Bruce Blackburn. A zake mbili hazina ule mstari mfupi wa katikati, na neno zima limekuwa bomba moja lililopindwa. Ilistaafishwa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2020, na wabunifu wa gemu hawajaacha kunyofoa viungo vya A tangu walipoiona.

Ni hapo Kiswahili kinapotaka uangalifu. Maneno yetu yamejaa A. NASA wana A mbili katika herufi nne, na neno lao tayari linajulikana dunia nzima. TANGANYIKA lina A tatu. Ukizinyofoa zote, msomaji anapata vibanda vitatu visivyo na milango na lazima abahatishe. Sheria yangu ni kwamba jina geni linavumilia herufi moja iliyoharibiwa, mbili kwa shida. LIEMBA lina A moja, mwishoni, baada ya macho kuwa yameshapata LIEMB. Hiyo inaweza kuvuliwa kiungo.

Wale vijana walitaka zaidi. Walitaka na E iwe mistari mitatu ya kulala bila uti wa mgongo. Nikawachorea: LI≡MBΛ. Ikapendeza kwenye skrini kubwa. Nikaichapa kwenye karatasi, nikampelekea mama anayeuza dagaa jirani na kibanda changu, nikamwamkia na kumwomba anisomee. Akasema, "Li... hii ni nini mwanangu, ngazi?" Kisha akauliza kama ile ya mwisho ni paa. Mama huyu anasoma vizuri kabisa. Ndiye huniandikia hesabu za kikoba. Tukarudisha uti wa E, tukaacha A bila kiungo, akasoma mara moja.

Tatizo la pili upande huu ni B. Ukiizungusha kona zote inakuwa 8, na LIEM8A ni kama neno la siri la barua pepe. Dawa ni kuacha kona mbili za kushoto za B ziwe kali kabisa, nyuzi 90, hata kama herufi nyingine zote zimezungushwa. Tatizo la tatu ni I. Kwenye neno ambalo kila herufi ni pana, I inabaki kijiti, nayo imefuata L ambayo juu yake kulia pako wazi. Matokeo yake ni shimo kati ya L na E, na jina linasomeka kama L kisha IEMBA.

Shimo la L na I

Shimo hilo lipo kwenye mitindo yote miwili, lakini halizibwi kwa namna moja, na ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Kwenye Inkscape unaandika neno kwa fonti ya kuanzia, kisha unaligeuza kuwa maumbo kwa `Path > Object to Path`, unatenganisha kundi kwa `Object > Ungroup`, na kuanzia hapo kila herufi ni kipande cha kukata kwa kifaa cha nodi. Kwenye toleo la mashine nilifupisha mguu wa L kwa theluthi moja, nikaisogeza I hadi nafasi yake na mguu wa L ikawa sawa na unene wa mstari mmoja. Baada ya hapo nikazipa nafasi zote za neno kipimo hichohicho, kwa sababu mashine haibahatishi, na jicho la msomaji linategemea usawa huo.

Kwenye toleo la patasi usawa wa rula ungeua kila kitu. Wachonga mawe wa Kirumi walipokosa nafasi walikuwa wakiingiza herufi ndogo ndani ya tumbo la herufi kubwa. Nikaipandisha I ikasimama juu ya mguu wa L, fupi kidogo kuliko wenzake. Shimo likaisha, na mzee wa kufikirika akaonekana kweli, akijibana ili jina limtoshe kwenye ubao. Ukijaribu hilo kwenye toleo la mashine linaonekana kosa. Nilijaribu.

Kuhusu rangi na mng'ao nitasema machache. Fanya yote haya kwa nyeusi juu ya nyeupe kwanza. Chuma kinachong'aa na jiwe lenye nyufa hufunika makosa ya nafasi kwa siku mbili tu, mpaka umeshaipakia gemu. Na usiinamishe herufi za sayansi ya kubuni kwa mazoea. Kuinama ni mbio, ni gari na roketi. Ziwa letu lina kina cha mita zaidi ya 1,400, na kuzama huko ni safari ya polepole na nzito, kwa hiyo herufi zinapaswa kusimama wima.

Zikipungua ukubwa

Gemu yao ni ya simu, na hapa mitindo hii miwili inafia sehemu tofauti.

Toleo la mashine tulilichora likiwa na kimo cha pikseli 40. E yake ina mistari mitatu na nafasi mbili, yaani tabaka tano za pikseli 8 kila moja. Ukilipunguza mara tano, kila tabaka linakuwa pikseli 1.6. Skrini haina pikseli nusu, kwa hiyo inachanganya nyeusi na nyeupe, na E inageuka donge la kijivu. Kinachokufa kwanza ni nafasi za ndani.

Toleo la patasi lilikuwa na kimo cha pikseli 100, mstari mnene pikseli 14 na mwembamba pikseli 4. Likipunguzwa mara tano, mnene unabaki karibu pikseli 3, lakini mwembamba unashuka hadi 0.8 na kupotea. Na mistari myembamba ya LIEMBA ndiyo inayobeba usomaji: mguu wa kushoto wa A, mistari miwili ya M, mikono ya E. Unabaki na vijiti visivyoshikana, kama ua lililoliwa na mchwa. Kinachokufa kwanza huku ni mistari.

Dawa yake si moja. La mashine linataka nafasi za ndani zifunguliwe, hata kwa kupunguza unene wa mistari. La patasi linataka mchoro wa pili kwa ajili ya ukubwa mdogo, ambamo mstari mwembamba unafika angalau nusu ya ule mnene. Nilitumia saa nzima kwenye mchoro huo wa pili. La mashine lilinichukua dakika kumi. Kwa timu isiyo na mchoraji wa karibu, hiyo ni sababu halali ya kuchagua mashine.

Ikoni ya Google Play ni pikseli 512 kwa 512, lakini kwenye simu inaonekana kama ukucha. Usijaribu kuweka neno zima pale. Kwenye upande wa mashine ningeweka E peke yake. Kwenye upande wa patasi ningeweka M, kwa sababu ndiyo pana na ina mapigo ya mnene na mwembamba. Jina kamili liache kwa picha ya juu ya ukurasa, ambayo ni 1024 kwa 500, na humo toleo pana la mashine linakaa kwa raha kuliko la patasi ambalo linataka kimo.

Tulichochagua

Kama mzamiaji wao angebaki ndani ya chombo cha mwaka 2190 na kila kitu kwenye skrini kingekuwa geji na namba, ningewaambia wachukue la mashine bila kusita. Jina lingefanana na vitu ambavyo mchezaji anavigusa. Lakini nilipowaomba wanionyeshe gemu yenyewe ilipofikia, niliona taa moja ya karabai, maji ya kijani yanayogeuka meusi, na sauti ya mtu akihesabu pumzi. Chombo cha chuma hakikuwa kimechorwa hata kidogo. Kilikuwa kwenye maneno ya yule kijana wa pili tu. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hiki unachokipigania kiko wapi?" Akanyamaza kidogo, akasema kiko kwenye sura ya tatu, wakifika kwenye meli.

Basi jina limeandikwa kwa patasi, na I imepanda kwenye mguu wa L. Walikuwa wameomba tuchanganye, nusu ya neno kale na nusu mashine, nikakataa, maana neno lenye mifupa miwili linaonekana kama fonti iliyokosekana kwenye kompyuta. Nilikubali badiliko moja. Mchezaji anapofika sura ya tatu na taa yake kugonga ubavu wa meli, jina linaonekana tena pale kwenye bati, na safari hii ni toleo la mashine, unene mmoja, kona za B kali, ribiti zikipita katikati ya M. A imerudishiwa kiungo chake, kwa kuwa mchora majina wa meli halisi asingethubutu kukiacha.

Fonti tulizoanzia, Cinzel na Michroma, ziko chini ya leseni ya SIL Open Font License, inayoruhusu kuzikata na kuzitumia kwenye gemu ya kuuzwa. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Bado linanisubiri jina dogo la chini, KINA CHA ZIWA. K, H, Z na W zote ni zile ambazo jiwe la Roma halina, kwa hiyo nimechukua kipande cha mvule na patasi ya fundi seremala wa jirani, nichonge kwanza nione mti unasemaje.